Plasi ngapi? Kusoma uvimbe wa kwashakoo kwenye picha

Mwonyeshe daktari aliyezoea wodi za watu wazima picha ya mguu wa mtoto wenye shimo la kidole gumba, kisha umuulize uvimbe huo ni plasi ngapi. Atalitazama shimo, akadirie kina chake, aseme "plasi tatu." Mpelekee picha hiyohiyo muuguzi wa wodi ya lishe, naye atakurudishia maswali: mguu wa pili uko wapi? Mikono je? Na uso?

Hawabishani. Kila mmoja anatumia kipimo chake, ila vipimo hivyo viwili vinaandikwa kwa alama ileile ya kujumlisha, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo au figo, kuna mizani inayopima kina cha shimo: milimita 2 ni plasi moja, 4 ni mbili, 6 ni tatu, 8 ni nne. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kina hakihesabiwi kabisa. Kinachohesabiwa ni umbali ambao uvimbe umepanda mwilini. Ukiwa kwenye nyayo zote mbili tu, ni plasi moja. Ukifika kwenye magoko, au kwenye viganja na sehemu ya chini ya mikono, ni plasi mbili. Ukienea mwili mzima hadi usoni, ni plasi tatu. Plasi ya nne haipo.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na shimo refu la kutisha kwenye nyayo akawa plasi moja, na mwingine akawa na vishimo visivyo na kina lakini kope zimevimba, naye ni plasi tatu. Huyo wa pili ndiye aliye hatarini zaidi. Maji yakishafika usoni kwa mtoto wa namna hii, maana yake yameshajaa kila mahali yanapoweza kukaa.

Kabla ya picha, turudi kwenye kidole, kwa sababu picha yoyote ya uvimbe ni kumbukumbu ya kitu ambacho kidole kilifanya. Mtoto anapakatwa na mama, miguu ikining'inia au imenyooshwa. Mpimaji anaishika miguu yote miwili kwa pamoja, kila wayo ukitulia ndani ya kiganja, kidole gumba kikiwa juu ya mgongo wa wayo. Anabonyeza taratibu bila kukandamiza, anahesabu polepole kwa sekunde tatu, kisha anaachia. Shimo likibaki pande zote mbili baada ya vidole kuondoka, uvimbe upo. Likibaki upande mmoja tu, huo si uvimbe wa utapiamlo. Tafuta jeraha, usaha, au sababu nyingine ya mguu ule mmoja.

Shimo linabaki kwa sababu chini ya ngozi kuna maji huru yaliyokaa katikati ya nyama. Ukibonyeza unayasukuma pembeni, na yanachukua muda kurudi. Mafuta hayafanyi hivyo. Mafuta ya mtoto mnene yamefungwa ndani ya seli zake, kwa hiyo ukiachia yanainuka papo hapo kama mto wa sponji. Ndiyo maana kidole kinatofautisha mara moja kitu ambacho jicho linaweza kulitazama dakika nzima na bado likasita. Picha imepoteza kidole. Inachoweza kukupa ni dalili za pembeni, na shimo lenyewe ikiwa aliyepiga aliwahi.

Kuwahi kwenyewe ni suala la sekunde. Vishimo vingine hujaa haraka, na mtu akibonyeza, akafuta mikono, akatafuta simu mfukoni, atapiga picha ya wayo uliotulia tuli. Kisha mwanga. Shimo kwenye ngozi ni kivuli tu. Mwanga ukitoka moja kwa moja mbele, na hasa flashi ya simu, kivuli kinafutika na wayo unaonekana laini kama yai. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni, kamera ikiwa chini karibu na usawa wa wayo, hulionyesha hata shimo dogo. Flashi ina kosa la pili pia: hung'arisha ngozi yoyote yenye jasho au mafuta, na mng'ao huo unafanana sana na ngozi iliyovutika kwa maji. Nimeona watu wakiandika "ngozi inang'aa" kwa mtoto aliyetoka kupakwa mafuta asubuhi.

Bila shimo, unasoma nini? Soma mikunjo. Wayo wa mtoto mwenye afya, hata awe mnene kiasi gani, una mistari kwenye maungio ya vidole, una mkunjo mbele ya kifundo, na ukitazama ubavuni utaona mfupa wa kifundo ukijitokeza au angalau kivuli chake. Maji yakiingia, vitu hivi vinafutika kimoja kimoja. Kifundo kinapotea, mguu unashuka moja kwa moja kutoka kwenye ugoko hadi wayo kama gogo, vidole vinakuwa vifupi kwa sababu nusu yake imezama. Kwenye mkono, tazama fundo za vidole. Mtoto mnene ana vibonyo vidogo mahali ambapo fundo zingekuwa, na anapokunja ngumi vibonyo hivyo vinageuka mistari. Mkono uliojaa maji hauna vibonyo wala mistari. Mgongo wa kiganja umeinuka kama kifuniko cha sufuria.

Kisha linganisha sehemu na sehemu. Mtoto mnene ni mnene kote: mapaja yana pingili, mikono ya juu imejaa, matako ni ya duara. Mtoto wa kwashakoo mara nyingi hapatani na nafsi yake. Kiganja kimevimba lakini mkono wa juu ni mwembamba na ngozi yake imelegea. Uso ni wa mviringo lakini mbavu zinahesabika. Magoko ni manene lakini mabega yamechongoka. Kutopatana huko ndiko ninakokutafuta kwanza nikipewa picha ya mwili mzima, kabla hata ya kuangalia nyayo. Na ukikuta mbavu na mabega yamekonda kupita kiasi huku miguu imejaa maji, una mtoto mwenye hali mbili kwa pamoja, kukonda sana na kuvimba, na hali yake ni mbaya kuliko ya mwenye moja peke yake.

Jina lenyewe la kwashakoo lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, likaingia katika vitabu vya tiba kupitia daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko katika miaka ya 1930. Alieleza kuwa ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa nafasi yake mwingine anapozaliwa. Jina hilo halitaji maji wala protini. Linataja tukio la nyumbani. Kwa muda mrefu wataalamu walifundisha kwamba kisa ni upungufu wa protini pekee: damu inakosa protini ya kushika maji, yanavuja. Maelezo hayo hayatoshi. Watoto wengi huanza kupungua uvimbe kwa lishe sahihi kabla protini hiyo ya damu haijapanda, na watoto wawili wanaokula chakula kilekile wanaweza mmoja akakonda tu na mwingine akavimba. Ninalitaja hili kwa sababu moja ya kivitendo: anayeamini kwamba tatizo ni maji tu hushawishika kutoa dawa za kukojoza, na kwa mtoto huyu hazitakiwi kabisa. Maji yanaondoka yenyewe lishe ikianza kwa utaratibu wake.

Nywele na ngozi zinasomeka vizuri zaidi kwenye picha kuliko uvimbe, na pengine ndiyo sababu watu huziamini kupita kiasi. Nywele za kwashakoo huwa nyembamba, chache, zimepoteza ule mviringo wake, na rangi imefifia kuelekea kahawia, wekundu au kijivu. Zikivutwa kidogo zinang'oka bila mtoto kulalamika, jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Lakini vumbi jekundu, jua na shampuu hubadilisha rangi pia, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Kitu chenye thamani zaidi ni mistari. Ukiona unywele una sehemu nyeusi, kisha sehemu iliyofifia, kisha nyeusi tena, hiyo huitwa alama ya bendera, na ni kama kalenda: nywele hukua kwa karibu sentimita moja kwa mwezi, polepole zaidi mtoto anapokuwa na njaa, kwa hiyo mstari uliofifia ulio sentimita mbili kutoka kichwani unasimulia shida ya miezi iliyopita, si ya leo. Mtoto anaweza kuwa na bendera kichwani na kwa sasa akawa amepona. Ile sehemu iliyo karibu kabisa na ngozi ya kichwa ndiyo inayozungumzia sasa.

Ngozi nayo ina plasi zake, na hapa pana mtego mwingine wa alama. Plasi za ngozi zinaandikwa kando na za uvimbe. Fomu ikisema "plasi mbili" bila kutaja ya nini, imesema nusu. Plasi moja ya ngozi ni rangi iliyobadilika au mabaka machache yaliyokwaruza. Plasi mbili ni mabaka mengi kwenye mikono au miguu. Plasi tatu ni ngozi inayobambuka, nyama mbichi, au mipasuko. Kwashakoo ina mwonekano wake: mabaka meusi makavu yaliyokakamaa kama rangi ya zamani ukutani, kingo zikiinuka, kisha yakibanduka yanaacha ngozi iliyopauka au nyekundu yenye unyevu. Yanapenda mahali penye msuguano na mgandamizo: kinena, nyuma ya magoti, viwiko, sehemu za nepi, matako. Hilo linasaidia kulitofautisha na ugonjwa wa ukosefu wa vitamini B3, ambao hufuata jua: shingoni kama mkufu, migongo ya mikono, uso. Kama picha inaonyesha mabaka chini ya nguo na si juu ya shingo, elekea kwashakoo.

Ngozi iliyobambuka huchanganywa mara nyingi na kuungua. Kinachosaidia ni mpaka. Kuungua kwa maji ya moto kuna ukingo mkali na umbo la mmiminiko au la kutumbukizwa. Kubambuka kwa kwashakoo hakuna mpaka mmoja. Unaona hatua zote kwa pamoja, baka jeusi ambalo halijabanduka, jirani yake limebanduka nusu, na pembeni kidonda kibichi. Vilevile tazama kama kuna uvimbe. Hata hivyo ngozi ya plasi tatu si jambo la urembo wa picha. Mtoto huyo amepoteza kinga ya nje: maji na joto vinatoka, vijidudu vinaingia, na hata kama uvimbe wake ni plasi moja, ngozi hiyo peke yake inatosha kumlaza.

Sasa tuchukue mtoto mmoja tumfuate. Ni mfano nilioutunga, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Ana miezi 22. Muuguzi wa zahanati ametuma picha nne na ujumbe mfupi: uzito kilo 8.4, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu milimita 121, uvimbe plasi mbili, naomba ushauri kama aende nyumbani na lishe ya dawa.

Picha ya kwanza ni uso na kifua. Machoni pamewekwa ule mstari mweusi wa kuficha utambulisho. Nywele ni chache, kahawia hafifu hadi kwenye mizizi. Mashavu ni ya mviringo. Mbavu zinaonekana. Picha ya pili ni wayo wa kulia pekee, wenye shimo wazi kabisa. Ya tatu ni miguu yote miwili kuanzia magotini kushuka. Vifundo havionekani, magoko yananyooka kama magogo na ngozi inang'aa, lakini hakuna shimo lililobonyezwa. Ya nne ni mkono wa kushoto umeshikwa na mama. Fundo hazipo, na ndani ya kiwiko kuna baka jeusi lenye ukingo ulioinuka.

Anza na picha ya pili, kwa kuwa ndiyo inayovuta macho. Peke yake haina plasi hata moja. Ni shimo kwenye mguu mmoja, na kwashakoo inadai miwili. Ya tatu inaongeza mguu wa pili na kupandisha hadi kwenye magoko, ingawa pale tunaamini mikunjo iliyofutika na si shimo. Ya nne inaleta kiganja. Miguu, magoko na kiganja: plasi mbili, muuguzi yuko sahihi mpaka hapo. Lakini kanuni ya kusoma picha ni kwamba daraja unalolipata ni la chini kabisa linalowezekana. Picha inaweza kuonyesha uvimbe ulipo. Haiwezi kuthibitisha kwamba haupo mahali ambapo kamera haikufika. Kwa hiyo kinachoandikwa si "plasi mbili", ni "angalau plasi mbili", kisha unaenda kutafuta kile kilichofichwa.

Na kilichofichwa hapa kimefichwa kwa nia njema. Ule mstari mweusi umefunika kope, yaani sehemu inayoamua kati ya plasi mbili na tatu. Sipingi kulinda sura ya mtoto, na ruhusa ya mama ni lazima kabla ya kubonyeza kitufe. Lakini aliyempima mtoto aandike hali ya kope kwa maneno kabla hajaweka mstari, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kuiona tena. Mashavu hayasaidii sana. Mashavu ya mviringo mtoto mwenye afya anayo pia. Basi unapiga simu.

"Sista, macho yake yakoje?"

"Kope zimevimba, dokta. Mama anasema tangu juzi asubuhi anafumbua kwa shida."

"Alipokuja alikuwa amelala, au amebebwa amekaa?"

"Amebebwa mgongoni tangu alfajiri. Bado zimevimba."

"Mlaze ubavu, mbonyeze hapo chini mgongoni, juu ya makalio."

Kimya kidogo, sauti ya mtoto akilia kwa unyonge. "Panabonyea, dokta."

Swali la kulala si la adabu tu. Maji hufuata uzito wa dunia. Mtoto aliyelala usiku kucha anaweza kuamka na kope zilizovimba huku miguu imepungua kidogo, na aliyebebwa siku nzima yanashuka miguuni. Kope ambazo bado zimevimba baada ya saa kadhaa za kuwa wima hazina utetezi. Mgongo wa chini unaobonyea unamaliza hoja: uvimbe umeenea, plasi tatu.

Kope zikivimba, lazima pia ujiulize kuhusu figo. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo unaovuja protini naye huanza kuvimba usoni, hasa asubuhi, kisha mwili mzima, na kwenye picha ya uso pekee huwezi kuwatenganisha. Lakini huyo kwa kawaida ana nywele zake nzuri, ngozi nzima na mwili uliokuwa unaendelea vizuri hadi wiki chache zilizopita. Huyu wetu ana nywele zilizofifia hadi mizizi, baka ndani ya kiwiko na mbavu. Kijiti cha kupima mkojo kinagharimu dakika moja; kifanyike, ila kisimcheleweshe.

Sasa angalia jinsi daraja linavyobadilisha kila kitu. Kwa plasi moja au mbili, mtoto mwenye hamu ya kula, asiye na homa wala tatizo jingine, taratibu nyingi zinaruhusu atibiwe akiwa nyumbani. Kwa plasi tatu analazwa, hata kama anacheka na kula. Na akishalazwa, plasi ya tatu inaingia kwenye hesabu ya maziwa. Maziwa ya kuanzia, F-75, hupimwa kwa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Kwa mwenye plasi tatu hupimwa kwa mililita 100. Sababu ni kwamba mizani imedanganya: maji ya plasi tatu yanakadiriwa kufikia asilimia 30 juu ya uzito wake halisi. Chukua kilo 8.4 ugawanye kwa 1.3, unapata karibu kilo 6.5. Mtoto tunayemlisha ana kilo sita na nusu. Zilizobaki ni maji.

Kwa mililita 100, kilo 8.4 zinampa mililita 840 kwa siku, yaani 70 kila baada ya saa mbili, milo kumi na miwili usiku na mchana. Angebaki kwenye plasi mbili angepewa 1092, yaani 91 kila mlo. Tofauti ya mililita 21 inaonekana ndogo, vijiko vinne vya chai. Mara kumi na mbili ni robo lita ya ziada kwa siku, ndani ya mtoto ambaye moyo wake umedhoofika na figo zake hazimudu chumvi na maji. Pumzi ikianza kwenda mbio na ini kuongezeka, makosa yalianzia kwenye mstari mweusi wa picha.

Na ule utepe wa mkono? Milimita 121 ni eneo la njano, kwa sababu mpaka wa utapiamlo mkali kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni chini ya 115. Mtu angemwona na kusema ana nafuu. Lakini uvimbe wa pande zote mbili ni kigezo kamili chenyewe; haungoji utepe wala uzito kukubali. Zaidi ya hapo, kwa mtoto wa plasi tatu utepe unaweza kuwa umezungushwa kwenye maji. Mzani unasema mzito, utepe unasema wastani, mashavu yanasema ameshiba. Vyote vitatu vimenunuliwa na maji yaleyale.

Ufuatiliaji kwa picha una kinyume chake ambacho huwashtua hata wenye uzoefu. Tuseme siku ya tisa zinatumwa picha nyingine. Kope zimefunguka, vifundo vya miguu vimerudi, shimo linabaki kwenye nyayo tu. Uzito umeshuka hadi kilo 6.9, utepe unasoma 108. Mabaka ya mikononi yamebanduka na yameacha ngozi mbichi, mapaja yana ngozi inayoning'inia kama suruali ya kaka yake. Zilinganishe picha mbili bila maelezo na mtu yeyote atasema ya pili ndiyo mbaya. Ndiyo ya mtoto anayepona. Maji yameondoka na kuacha kile ambacho yalikuwa yameficha. Mama naye anaona hivyohivyo, na wengine huomba ruhusa ya kuondoka siku hizo hasa, wakiamini maziwa yanamkondesha mtoto. Inafaa aambiwe mapema, siku ya kwanza, kwamba uzito utashuka kabla haujapanda.

Ukitaka picha ya kusomeka, basi, wayo zote mbili ziwe ndani ya fremu moja, dakika ileile ya kuachia vidole, mwanga ukitoka ubavuni na flashi ikiwa imezimwa. Kisha miguu hadi mapajani, viganja vyote viwili kwa mgongo wake, mgongo wa chini, na mwili mzima bila shati. Video ya sekunde kumi inayoonyesha vidole vikibonyeza na kuachia ni bora kuliko picha tano, kwa sababu inarudisha kidogo kile kidole kilichopotea. Shuka jeupe chini ya mtoto husaidia rangi ya ngozi na nywele isidanganywe na taa ya manjano. Na chini ya kila picha, maneno machache yaliyoandikwa na aliyegusa: shimo lipo au halipo, wapi, kope, mgongo, saa ngapi, mtoto alikuwa amelala au amebebwa.

Kuna kitu kimoja ambacho picha hukionyesha vizuri na hakimo kwenye plasi yoyote. Ni sura ya mtoto anayetazama pembeni. Mtoto wa kwashakoo hahangaiki na kamera. Haigusi, hainyooshei mkono, akisogezwa analalamika kwa sauti nyembamba kisha anarudi kwenye kimya chake. Katika ile picha ya siku ya tisa, ya ngozi inayoning'inia, mtoto wetu ameinua mkono. Anataka simu.